Muuguzi Atafute Kazi Wapi? Kila Taaluma na Mlango Wake

*Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wauguzi waliomaliza masomo, mafundi na wazazi wao, katika ukumbi wa mikutano wa kaunti. Tumeyachapisha kwa ombi la wakaazi waliohudhuria na wale ambao hawakupata nafasi ya kufika.*



Mimi ndimi ninayeweka matangazo ya kaunti kwenye tovuti na kuyapeleka magazetini, kwa hivyo simu za watu waliochelewa hunifikia mimi. Kila tunapotangaza nafasi za kazi, siku mbili tatu baada ya muda wa maombi kufungwa, simu huanza. "Afisa, nimeliona tangazo leo asubuhi." Nikiuliza ameliona wapi, jibu ni lile lile: kwenye ukurasa fulani wa Facebook, au rafiki amelituma kwenye WhatsApp. Tangazo lenyewe lilikuwa kwenye tovuti yetu wiki tatu nzima.

Sisemi haya kuwacheka. Dada yangu mdogo ni muuguzi wa diploma. Mwaka wa kwanza baada ya kupata leseni, alijiandikisha kwenye tovuti tano za kutafuta kazi, akajaza wasifukazi wake mara tano, na kila asubuhi alikuwa akifungua simu kuangalia. Kwa miezi minane hakuitwa hata mara moja. Kaunti moja jirani ilitangaza nafasi za wauguzi katika miezi hiyo. Habari hiyo ilimfikia siku nne baada ya maombi kufungwa, na mimi kaka yake ndiye ninayefanya kazi ya matangazo. Bidii alikuwa nayo, ila alikuwa akibisha mlango ambao waajiri wa wauguzi hawapiti.

Leo nataka tuongee juu ya mlango huo: ni jukwaa gani la kazi linalofaa taaluma gani, na mtu atajuaje. Nitakaa zaidi na wauguzi kwa sababu ndio wengi humu ndani, lakini wahandisi na mafundi nitawagusa pia, kwa kuwa tofauti yao ndiyo inayofundisha.

Maswali mawili kabla ya kujiandikisha popote

Kabla ya kujaza fomu ya tovuti yoyote, jiulize maswali mawili. La kwanza: ni nani hasa huajiri watu wa taaluma yangu? La pili: mwajiri huyo hutumia nini kujua kwamba mimi ni wa kweli?

Tuanze na fundi wa stima. Mwajiri wake mara nyingi ni mwenye nyumba au mwenye duka. Kazi ni ndogo, iko karibu, na inatakiwa leo. Mwenye nyumba hasomi wasifukazi. Anauliza jirani, au anamuuliza mwenye duka la vifaa vya ujenzi, "Nipe namba ya fundi asiyenisumbua." Kwa hivyo jukwaa la fundi huyu ni duka hilo, kundi la WhatsApp la mtaa, na picha za kazi alizomaliza zilizowekwa kwenye ukurasa wake pamoja na jina la eneo. Akiongeza leseni ya EPRA inayomruhusu kuweka nyaya za stima, anapata wateja ambao hawezi kuwapata kwa picha peke yake. Akitaka kuingia kwenye mijengo mikubwa, mkandarasi atamuuliza cheti cha gredi cha NITA na usajili wa NCA. Kumwambia fundi huyu akajaze wasifukazi kwenye tovuti ya kazi za ofisini ni kumpotezea bando.

Mhandisi ni tofauti. Huyu huajiriwa na kampuni za ushauri, makandarasi, viwanda na mashirika ya umma. Kazi yake hufuata miradi. Kampuni ikishinda zabuni ya barabara, ndipo inapohitaji wahandisi, na mara nyingi inawahitaji haraka. Hapo LinkedIn ina maana, kwa sababu waajiri wa aina hiyo huingia wenyewe kutafuta mtu ambaye hata hajatuma maombi. Wanaangalia miradi aliyofanya, programu za usanifu anazozijua, na kama amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu au mhandisi mtaalamu. Kuna dirisha jingine ambalo wahandisi wengi vijana hawalijui: tovuti ya serikali ya zabuni, tenders.go.ke, ambayo huchapisha zabuni na kandarasi zilizotolewa. Mhandisi anayesoma pale nani ameshinda kazi gani, akamwandikia mshindi kabla hajatangaza nafasi, ametangulia wenzake.

Sasa muuguzi. Nani huajiri wauguzi Kenya? Tangu ugatuzi, huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, kwa hivyo mwajiri mkubwa ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya kila kaunti. Baada ya hapo kuna hospitali kuu za rufaa za kitaifa kama Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret, hospitali za makanisa na za watu binafsi, na mashirika ya misaada. Na mwajiri atajuaje kwamba wewe ni muuguzi wa kweli? Hahitaji picha wala sifa za jirani. Anachukua namba yako ya usajili na kuangalia rekodi za Baraza la Wauguzi la Kenya. Leseni ikiwa hai, mazungumzo yanaendelea. Ikiwa imeisha, yamekwisha.

Kutokana na majibu hayo mawili, ramani inajichora yenyewe. Waajiri wa wauguzi ni wachache lakini wakubwa. Hawaendi kuwatafuta watu mmoja mmoja, bali hutangaza nafasi nyingi kwa mpigo, mara chache kwa mwaka, mahali pao rasmi. Kwa hivyo muuguzi hahitaji kuonekana kila mahali. Anahitaji kuwepo mahali panapofaa katika wiki mbili au tatu ambazo mlango uko wazi, akiwa na karatasi zilizokamilika.

Safari ya tangazo la kazi

Niwaeleze tangazo linavyosafiri, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 66, inaitaka Bodi itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale walio katika hali ya kunyimwa fursa. Kwa hivyo Bodi ikishaamua, tangazo huwekwa kwenye tovuti ya kaunti au ya Bodi, na hupelekwa gazetini. Mengi ya matangazo ya serikali utayakuta kwenye MyGov, chapisho linalotoka Jumanne. Hapo ndipo chanzo.

Baadaye wenye tovuti za kazi na kurasa za Facebook hulinakili. Wengine hunakili siku hiyo hiyo, wengine baada ya wiki. Na nakala hukatwa. Mara nyingi kinachokatwa ndicho chenye uzito: namba ya nafasi ambayo lazima uiandike kwenye ombi lako, sharti la leseni, anwani sahihi ya kutuma, na wakati mwingine tarehe yenyewe ya mwisho. Sisi ofisini tumepokea maombi yasiyo na namba ya nafasi, na maombi ya mwaka huu yaliyojibu tangazo la mwaka juzi ambalo mtu alilirudisha hewani ili apate wasomaji.

Kwa hivyo zile tovuti za jumla kama BrighterMonday, pamoja na kurasa za kunakili, mzitumie kama kengele. Kengele ikilia, usijibu kengele. Nenda kwenye chanzo, soma tangazo zima, na utume maombi kupitia njia iliyoandikwa pale. Ukikosa kuliona tangazo hilo kwenye tovuti ya mwajiri mwenyewe, pigia simu ofisi hiyo kabla ya kutuma hata nakala moja ya kitambulisho.

Jambo la pili ni maneno unayotafuta. Ukiandika "nurse" tu kwenye tovuti ya jumla, utaletewa mauzo ya dawa, walezi wa wazee na wapokezi wa kliniki. Kwenye matangazo ya kaunti, muuguzi wa diploma huandikwa `Registered Nurse III`, na wa shahada `Nursing Officer`. Hospitali binafsi hupenda `KRCHN` au `BScN`. Tafuta kwa jina ambalo mwajiri hutumia, si kwa jina ambalo nyumbani wanakuita.

Jambo la tatu nalisema nikiwa najua litawashangaza wengine. Wengi hungojea kaunti yao tu. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti husika. Maana yake ni kwamba kaunti ya mbali ina nafasi ambazo sheria imekuwekea wewe mgeni. Tuna kaunti 47. Huwezi kufuatilia zote, lakini unaweza kuchagua sita au saba ambazo uko tayari kuhamia, ukazifuatilia kwa uaminifu.

Hesabu ya wiki mbili

Sasa mtaniuliza, "Afisa, tutajuaje jukwaa fulani linatufaa?" Jibu si kuuliza rafiki. Jibu ni kuhesabu. Chukua daftari la shule. Kwa wiki mbili, Jumatatu na Alhamisi, tenga saa moja. Pitia kila jukwaa ulilo nalo, na kwa kila tangazo la uuguzi unaloliona, jiulize: Je, ni la ngazi yangu? Je, mwajiri ametajwa jina? Je, muda haujapita? Je, hiki ni chanzo au ni nakala? Likipita maswali yote manne, weka alama.

Tumchukulie muuguzi mmoja kwa mfano. Ana diploma, leseni yake ni hai, amefanya kazi miaka miwili kwenye kliniki ya mtaani, na ana simu ya kawaida yenye intaneti. Hesabu ninayowapa ni ya mfano, lakini ndivyo hesabu za namna hii zinavyokuwa.

Kwenye tovuti ya jumla ya kazi anakuta matangazo 23. Tisa si ya uuguzi kabisa. Matano yanataka shahada au utaalamu maalumu, kama uuguzi wa chumba cha upasuaji au cha wagonjwa mahututi. Manne ni nakala za matangazo ya kaunti, na mawili muda wake umepita. Yanabaki matatu ya kweli: mawili ya hospitali binafsi na moja la shirika la misaada. Kwa saa alizotumia, amepata matangazo matatu, kila moja likiwa na nafasi moja au mbili.

Kwenye LinkedIn anakuta sita. Matano yanataka mameneja wa wauguzi wenye shahada na uzoefu wa miaka mingi. Moja linamfaa. Hapo anajifunza kwamba jukwaa hili si baya, ila si lake kwa sasa. Akisomea utaalamu wa wagonjwa mahututi, hesabu ingebadilika, kwa sababu hospitali kubwa binafsi huwatafuta watu hao kwa tochi. Kwa hivyo kumbukeni: jukwaa hufuata ngazi yako, si jina la taaluma peke yake.

Kwenye kundi la WhatsApp la wale waliosoma naye anakuta jumbe saba. Tatu ni nakala. Mbili ni za lokamu, yaani kazi za kushikilia zamu kwa siku chache, katika kliniki zilizo ndani ya kaunti yake, na mtu anayezituma anajulikana. Mbili zilizobaki zinataka pesa ya "kufungua faili". Hapo amejua kitu kimoja: kundi hili ni zuri kwa lokamu, na kwa lolote jingine ni la kuthibitishwa.

Mwisho anapitia tovuti za Bodi za kaunti sita alizochagua. Anakuta matangazo mawili tu. Ukiangalia idadi, unaweza kusema hapa pamekauka. Lakini tangazo moja lina nafasi 40 za wauguzi wa ngazi yake, na muda wa maombi umebaki siku 12. Matangazo mawili haya yamezidi yale mengine yote yakiwekwa pamoja.

Hilo ndilo kosa alilofanya dada yangu. Alihesabu matangazo, hakuhesabu nafasi. Jukwaa lenye kelele nyingi lilimfanya ahisi anatafuta kazi, kumbe nafasi zilikuwa mahali penye kimya.

Baada ya wiki mbili, muuguzi wetu anapanga upya muda wake. Jumanne na Ijumaa anapitia tovuti za Bodi zake sita, pamoja na ile ya Tume ya Utumishi wa Umma, psckjobs.go.ke, na kurasa za ajira za hospitali kuu za rufaa. Nusu saa inatosha. Mara moja kwa wiki anapitia tovuti ya jumla, akiwa amewasha taarifa za baruapepe kwa neno `KRCHN`. Akipenda kazi za misaada, anaongeza ReliefWeb, ambako mashirika mengi hutangaza. Kundi la WhatsApp analiacha liwe la lokamu ili apate nauli na asisahau kazi mikononi. LinkedIn anaiacha mpaka ngazi yake ibadilike.

Niongeze neno kwa wale wa shahada ambao bado hawajafanya mwaka wa mafunzo kazini. Kupangiwa hospitali ya mafunzo hufanywa kupitia Wizara ya Afya. Mtu yeyote kwenye mtandao anayedai kukuuzia nafasi hiyo hana cha kuuza.

Kazi za ng'ambo

Najua wazazi wengi mmekuja kwa ajili ya sehemu hii. Mtoto amesoma, kaunti bado hazijatangaza, na kuna mtu mjini anasema anapeleka wauguzi Ulaya na Ghuba. Je, tumwamini?

Tuanze na lile linaloangaliwa kwa simu. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina tovuti, neaims.go.ke, yenye orodha ya mawakala waliosajiliwa. Andika jina la wakala kama lilivyo kwenye karatasi aliyokupa, si kama unavyolisikia. Angalia kama yumo na kama leseni yake haijaisha. Kuna watu wanaochukua jina la kampuni iliyosajiliwa na kuongeza neno moja, kwa hivyo linganisha pia anwani ya ofisi, kisha ufike pale mwenyewe kwa miguu yako.

Kisha angalia kama nchi yenyewe inaajiri kwa njia anayoisema. Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano kuhusu wahudumu wa afya Julai 2021. Mwongozo wa Uingereza unataka waajiri wa kule wawasajili wauguzi wa Kenya kulingana na makubaliano hayo, si kila wakala aje avue samaki anavyotaka. Hata hivyo muuguzi mwenyewe anaweza kujiombea moja kwa moja. Kazi za hospitali za umma za Uingereza hutangazwa kwenye jobs.nhs.uk, na kuzisoma ni bure. Serikali ya kule pia huchapisha orodha ya waajiri wenye idhini ya kumdhamini mfanyakazi kutoka nje. Mwajiri asiyekuwemo kwenye orodha hiyo hawezi kukupa viza ya kazi, hata barua yake iwe na muhuri wa dhahabu. Na kwa sheria ya kule, wakala haruhusiwi kumtoza anayetafuta kazi ada ya kumtafutia.

Lakini nisiwadanganye. Kuona tangazo kwenye tovuti hiyo si sawa na kuwa tayari kuliomba. Muuguzi wa kutoka nje hupita kwanza kwa NMC, ambalo ndilo baraza la wauguzi la Uingereza. Anathibitisha Kiingereza kwa mtihani wa IELTS au OET, anafanya mtihani wa nadharia kwa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo ambao hufanyiwa kule kule. Ada hizo hulipwa kwenye tovuti za wenye mitihani, kwa jina lako, na risiti huja kwako. Mtu akikwambia umtumie pesa kwa M-Pesa yake binafsi ili "akulipie NMC", umejua ni nini.

Kwa Ghuba utaratibu ni mwingine. Vyeti hukaguliwa kwa kampuni iitwayo DataFlow na kuna mtihani wa leseni wa nchi husika. Hapo kuna ishara moja ambayo mzazi yeyote anaweza kuitambua bila kujua mambo ya hospitali. Wakala akisema anakupeleka kuwa muuguzi, na hakuna mahali anapokuuliza namba yako ya Baraza, wala ukaguzi wa vyeti, wala mtihani, basi hakupeleki kuwa muuguzi. Soma neno la kazi lililoandikwa kwenye mkataba. Kama limeandikwa mlezi au mfanyakazi wa nyumbani, hiyo ndiyo kazi utakayoikuta ukishuka kwenye ndege, na leseni yako ya uuguzi haitakusaidia kitu.

Kuna familia moja iliyofika ofisini kwetu na mkataba wa namna hiyo. Walikuwa wameuza ng'ombe wawili. Tuliusoma pamoja neno kwa neno pale mezani, na mama alipofika kwenye jina la kazi alinyamaza, akaufunga, akautia kwenye mkoba. Msichana hakusafiri. Pesa zilizokwisha kulipwa hazijarudi hadi leo, lakini binti yuko nyumbani na anafanya lokamu.

Na mkataba ukiwa sawa, bado kuna hatua moja. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uwe katika fomu iliyowekwa, utiwe sahihi na pande zote mbili, na uthibitishwe na afisa wa leba. Afisa wa leba ni wa serikali ya kitaifa, na wengi wenu mnajua ofisi yake ilipo. Wakala anayekwambia hatua hiyo "tutaifanya baadaye ukiwa kule" anakuomba uondoke bila ngao.

Faili iwe tayari

Nimesema mlango wa muuguzi hufunguka kwa wiki mbili au tatu. Anayeanza kutafuta karatasi siku ya tangazo huzimaliza siku ya kufungwa. Kwa hivyo kazi ya kweli hufanywa katika miezi ya kimya.

Weka faili moja kwenye simu na nyingine ya karatasi: kitambulisho, cheti cha shule, cheti cha chuo, cheti cha usajili na leseni iliyo hai. Leseni andika tarehe yake ya mwisho ukutani, na uendelee kukusanya alama za mafunzo zinazohitajika kuihuisha, kwa sababu muuguzi mwenye leseni iliyoisha hupunguzwa kwenye orodha kabla jina lake halijasomwa. Skani kila karatasi ikiwa wima na inasomeka. Jina liwe moja kwenye karatasi zote, na kama umebadilisha jina baada ya ndoa, weka hati inayoonyesha hivyo.

Na mjue pia mipaka ya haya niliyosema. Kuchagua jukwaa sahihi hakuongezi nafasi. Kaunti ikiwa haina bajeti ya kuajiri, tovuti yake itakaa kimya, hata uifungue kila siku. Nafasi 40 zinaweza kuombwa na mamia ya watu wenye karatasi safi kama zako. Faida ya kujua mlango ni kwamba siku nafasi zitakapotangazwa utakuwa ndani ya hesabu, na kwamba katika kungoja hutakuwa umemlipa mtu yeyote pesa ya ng'ombe.

Kwa upande wetu, matangazo ya Bodi yetu yamo kwenye tovuti ya kaunti na kwenye jarida hili. Kuomba kazi kwa kaunti ni bure, kuanzia fomu hadi mahojiano. Anayedai chochote, awe amevaa tai au kitambulisho cha kaunti shingoni, mleteni jina lake kwetu.

Dada yangu, kama mnauliza, aliajiriwa mwaka uliofuata na kaunti ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuikanyaga. Tangazo alilisoma kwenye tovuti ya Bodi yenyewe siku ya pili baada ya kutoka. Aliniuliza tu swali moja kwa simu: namba ya nafasi huandikwa juu ya bahasha au ndani ya barua? Nikamwambia asome tangazo. Lilikuwa limeandika: kote kuwili.

Sasa maswali.